Soma Tena Hiyo Anwani

Mimi nina kinyongo, na sioni haya kusema hivyo. Nimeambiwa msikitini nisamehe, nimeambiwa na mama yangu, na hata mwenzangu ambaye nililipiza kisasi kwa ajili yake aliniambia niache. Nimewasikia wote. Meneja wetu bado anasimama mlangoni kwangu akisubiri, na simwambii akae.

Ninafanya kazi katika shirika moja dogo la mifugo hapa Isiolo. Kompyuta zote za ofisi ziko chini yangu, pamoja na tableti za maafisa, mtandao unaokatika mvua ikinyesha, na barua pepe za watu wasiokumbuka nenosiri lao. Maafisa wetu wengi hawako mjini. Wako Merti, Kipsing, Rapsu, kila mmoja na pikipiki yake na vumbi lake, wakiandikisha familia zitakazopata nyasi na maji ukame ukibana. Wanakuja ofisini mara moja moja, wakipata lori au pickup ya kuwaleta.

Kwa sababu hiyo tulikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Tangazo muhimu likija kwa barua pepe, lilichapishwa, likagongwa muhuri wa ofisi, kisha likabandikwa kwenye ubao ulio karibu na mahali pa chai. Afisa akifika kutoka mbali, kabla hata ya kusalimia, alienda kwenye ubao. Karatasi isiyo na muhuri hakuna aliyeisoma. Yenye muhuri ilikuwa amri, na hakuna aliyeuliza imetoka wapi.

Siku ile mimi nilikuwa Rapsu, nikiwafundisha watu wa kamati ya mfereji kutumia tableti tuliyowapa. Meneja alipokea barua pepe iliyosema kwamba masanduku ya barua ya wafanyakazi wote yangefungwa jioni ile kwa ajili ya usalama, na kila mtu askani msimbo ulio hapo chini kwa simu yake ili athibitishe akaunti yake. Ilikuwa na nembo yetu. Hakukuwa na kiungo cha kubonyeza, ila ule mraba wa vidoti vyeusi na vyeupe unaoitwa QR. Ndiyo hila yenyewe. Kichujio chetu cha barua hukagua viungo vilivyoandikwa, lakini picha ile kiliipita tu. Tena ukiskani kwa simu yako, unatoka kwenye kompyuta ya ofisi niliyoizungushia ulinzi na kuingia kwenye simu ambayo siilindi.

Meneja hakuskani. Ningependa kusema ni kwa busara, lakini simu yake ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka. Basi akafanya alilozoea: akaichapisha, akaigonga muhuri, akaibandika ubaoni kwa faida ya wote.

Mwenzangu wa Merti aliingia mjini mchana ule. Ni msichana tuliyesoma naye chuo na kulala naye chumba kimoja katika bweni la wasichana, mtu wa kucheka kwa sauti, ambaye wazee wa kwao walimkabidhi orodha za nyasi kwa sababu hakuwahi kumpendelea hata mjomba wake. Alienda ubaoni, akaona muhuri, akatoa simu. Ukurasa ulipofunguka ulifanana kabisa na ule tunaoingilia kila siku. Na kilichomtoa wasiwasi wote ni hiki: kwenye nafasi ya anwani ya barua pepe, tayari palikuwa pameandikwa anwani ya meneja.

"Mimi nilijua hiyo kitu imetoka kwa boss mwenyewe," aliniambia baadaye. "Jina yake ilikuwa hapo. Nikafuta, nikaweka yangu."

Akaweka nenosiri. Ukurasa ukamwomba zile tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe wa simu, naye akaziweka pia. Wezi walikuwa wameketi katikati, wakipokea alichoandika na kukiingiza papo hapo kwenye ukurasa wetu wa kweli. Wakaingia wao. Yeye akapelekwa kwenye sanduku lake kama kawaida, akanywa chai, akatafuta pickup ya kurudi Merti.

Siku chache baadaye makatibu wa kamati za ukame walipata barua kutoka kwake. Ilisema nyasi za msaada zimefika, na kila familia iskani msimbo ijiandikishe. Makatibu waliisambaza ile picha kwenye makundi ya WhatsApp, wakaongeza kwamba imetoka kwa binti yetu wenyewe. Ukurasa huo uliuliza jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na ile namba ya siri ya kutolea pesa. Watu waliweka. Mama mmoja mjane, jirani ya kwao, alikuwa ameuza mbuzi wake kabla hawajakonda zaidi na pesa zilikuwa kwenye simu. Hazikukaa hata jioni.

Mwenzangu hakujua lolote. Waliomwandikia kumuuliza kama barua ni yake walijibiwa na wezi, kwa upole, kwamba ndiyo, ni yake. Wezi walikuwa wameweka kanuni ndani ya sanduku lake, kwamba kila jibu lihamishwe kwenye folda asiyoifungua kamwe. Alijua siku yule mama mjane alipofika kwenye boma lao, akaketi chini mbele ya mlango, akauliza pesa za mbuzi wake ziko wapi. Mama wa mwenzangu alimpa maji, akayakataa. Hilo la maji ndilo lililomvunja mwenzangu. Alinipigia simu na sikuelewa maneno yake ya kwanza.

Nilifanya inavyopasa. Nilibadilisha nenosiri lake, nikamtoa kwenye vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwa jina lake, nikaifuta ile kanuni, nikawapigia makatibu mmoja mmoja wawaambie watu waende kwa wakala wafunge laini na kubadili namba zao za siri. Tuliripoti polisi. Niliripoti ukurasa kwa waliouhifadhi mtandaoni na kwa watengenezaji wa kivinjari, kesho yake ukawa haufunguki tena. Nilikaa nikiutazama umekufa na sikusikia raha hata kidogo. Wezi wenyewe sikuwaona, na hawakuwahi kujulikana. Nilitaka sana kumwona mtu.

Meneja alinipa mtu huyo wiki iyo hiyo. Aliitisha mkutano, akamsimamisha mwenzangu mbele yetu sote, karibu na ubao ule ule. Karatasi haikuwepo. Palikuwa na pini nne na nafasi safi katikati ya matangazo yaliyofifia kwa jua.

"Mtu amesoma mpaka chuo hawezi danganywa na karatasi," alisema. "Labda awe anajua anachofanya."

Mwenzangu akamwambia ni karatasi ya ofisi, ilikuwa hapa na muhuri. Meneja akageuka akatuuliza kama kuna aliyeiona. Waliokuwa ofisini siku ile walitazama vikombe vyao. Sikuwalaumu wakati huo, ninawalaumu sasa. Akasema hakuna karatasi iliyobandikwa, kwamba msichana alipata ujumbe huo kwingine, na kwamba makao makuu yatakuja kumsikiliza kabla hajaachishwa kazi. Alilitamka neno kuachishwa kana kwamba limekwisha kuamuliwa.

Mwenzangu alikuja kulala kwangu, kwa sababu Merti hakuweza kurudi. Hakulilia kazi. Alisema kazi atapata nyingine, lakini akifukuzwa, kule nyumbani itakuwa imethibitishwa kwamba aliwauza, na mamake atachota maji peke yake mpaka afe. Nilimwelewa. Kwetu mtu akisusiwa maji yake, amesusiwa na mengine yote.

Nilimwomba simu yake nitazame historia ya kivinjari. Anwani ya ule ukurasa ilikuwa bado ipo, ndefu, imejaa herufi za ovyo. Mwishoni kabisa ilikuwa na anwani ya barua pepe ya meneja, nzima. Wezi wa aina hii humtengenezea kila wanayemwandikia msimbo wake mwenyewe, na ndani yake huweka anwani yake ili ukurasa umtambue akifika. Msimbo alioskani mwenzangu ulikuwa umetumwa kwa meneja. Hakukuwa na njia nyingine ya jina hilo kufika pale. Aliupokea yeye, akauchapisha yeye, akaung'oa yeye, kisha akamsimamisha msichana wa watu akamwita mwizi.

Ningeweza kupeleka hiyo historia makao makuu na kunyamaza. Mtu mwema angefanya hivyo. Mimi nilitaka ayameze maneno yake mbele ya watu, kama alivyoyatema.

Kwanza nilimfundisha mwenzangu, kwa sababu hasira yake ilihitaji kazi ya kufanya. Alianza kuskani kila kitu cha nyumba: pakiti ya maziwa, sabuni, boksi la balbu, risiti ya duka. Sharti langu lilikuwa moja, asifungue. Kamera ya simu, ukiielekeza tu kwenye msimbo, huonyesha anwani kabla hujabonyeza. Nilimtaka aisome kwa sauti, kisha aniambie mwenye ukurasa ni nani.

"Hii inaanza na jina ya kampuni," alisema mara ya kwanza.

"Usiangalie inaanza na nini. Jina la mbele mtu yeyote anaweza andika. Tafuta hicho kistari kimeinama, slash ya kwanza baada ya majina, halafu rudi nyuma. Ile jina iko karibu na kistari ndio mwenye nyumba."

Tulirudia na ile anwani ya wezi. Ilianza kwa jina la shirika letu, vizuri kabisa, kisha nukta, kisha jina lisilojulikana na yeyote, ndipo kistari. Aliitazama muda mrefu. Akauliza mbona kulikuwa na ile kufuli ndogo kando ya anwani, nikamwambia kufuli inasema tu kwamba mazungumzo yamefichwa njiani, haisemi unazungumza na nani. Hata mwizi anafunga mlango. Akauliza kama anwani imefupishwa asijue inakokwenda, afanyeje. Asifungue. Na ikiwa anwani inaonekana nzuri lakini inataka nenosiri? Asifungue pia, aandike mwenyewe anwani anayoijua, au ampigie aliyetuma kwa nambari aliyo nayo siku zote, si iliyo kwenye ujumbe.

"Kwa hivyo jibu ni usifungue," alisema.

"Jibu ni uangalie kwanza. Mara nyingi ukiangalia hutafungua."

Wakati huo huo nilimwandikia mkuu wa usalama wa mitandao wa makao makuu, nikamwomba ruhusa ya kufanya zoezi dogo la mafunzo kwa msimbo usio na madhara. Nilimtumia ukurasa wenyewe aukague. Haukuwa na nafasi ya kuandika chochote, ni maneno tu. Aliuona, akakubali, akanisifu kwa bidii. Sikumwambia siku ya zoezi ina nini kingine ndani yake.

Kikao kilikuwa asubuhi katika chumba chetu cha mikutano. Mama aliyesimamia wafanyakazi alikuja kutoka Nairobi na wenzake wawili, meneja akakaa upande wao. Mwenzangu alikaa peke yake mkabala nao, amefunga mtandio mweusi, mikono juu ya meza. Mimi niliitwa kueleza mambo ya kompyuta. Kwenye kila kiti niliweka karatasi moja yenye kichwa cha kikao, muhuri wa ofisi, na msimbo chini yake wenye maneno haya: skani usome hati za shauri hili.

Niliweka na kwenye kiti cha mwenzangu. Sikuwa nimemwambia. Uso wake haujui kuficha kitu, na angejua, wote wangejua. Lakini nikisema ukweli, nilipoona wageni wa Nairobi wakitoa simu, nilitamani kuirudisha ile karatasi yake. Kama naye angefungua, basi nilikuwa nimemmaliza kwa mkono wangu, na meneja asingehitaji hata kusema neno.

Mama wa Nairobi aliskani, akabonyeza. Aliye kulia kwake akabonyeza. Meneja, ambaye kioo chake kilikuwa kimetengenezwa, akabonyeza akiwa bado anazungumza. Wa mwisho, mwanamume mzee kidogo wa idara ya fedha, simu yake ilikataa kusoma msimbo, akaazima ya jirani.

Mwenzangu aliinua simu yake. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Nilijua anafanya nini, anatafuta kistari na kurudi nyuma. Kisha akaiweka simu mezani, kioo kikitazama chini.

"Samahani," alisema. "Mimi sifungui hii. Hiyo jina si ya shirika yetu. Naomba nipewe hati kwa karatasi."

Wengine wote walikuwa bado wanasoma. Kwenye simu zao palikuwa na sentensi moja kwa herufi kubwa: Mtu aliyesoma mpaka chuo hawezi kudanganywa na karatasi. Chini yake, kwa herufi ndogo, niliandika kwamba huu ni mtihani, hakuna kilichochukuliwa, na kwamba ungekuwa ukurasa wa wezi ungefunguka vivyo hivyo.

Nilimtazama meneja na sikumtazama mwingine. Aliisoma, akaisoma tena, na nikaona wakati hasa alipoitambua sauti yake. Shingo yake ilibadilika rangi kuanzia kwenye kola. Nilifurahi. Nimejaribu kutafuta neno la heshima kuliko hilo na sijapata.

Mama wa Nairobi aliniuliza kwa sauti ya chini nani aliyeruhusu jambo hili. Nikamtajia mkuu wa usalama, kisha nikamwekea mbele historia ya simu ya mwenzangu, nikamwonyesha mwisho wa anwani. Nilimweleza jina hilo lilifikaje pale. Alimsogezea meneja ile simu. Mzee wa fedha alisema, akijisemea, kwamba huyu msichana ndiye mtu pekee chumbani humu aliyeangalia.

Hapo ndipo msichana wa mapokezi, aliyekuwa ameleta chai, alipoweka sinia na kusema kwamba karatasi ilikuwepo, aliiona ikigongwa muhuri. Ilimchukua muda wake, lakini alisema.

Mwenzangu alirudishwa kazini. Makao makuu yaliandika barua kwa kamati za Merti kueleza kwamba kosa lilitoka ofisini, na yeye aliisoma mwenyewe kwenye baraza, kwa Kiborana, mamake akisikiliza. Pesa za mama mjane hazikurudi. Lakini siku iliyofuata alipita pale bomani, akaomba maji, akanywa. Mwenzangu alinipigia kunieleza hilo tu, kisha akanikaripia.

"Ulinitumia kama chambo, walai. Kama ningefungua?"

"Hukufungua."

"Wewe ulikuwa unataka huyo boss kuliko ulikuwa unataka mimi nipone." Halafu akaongeza: "Sasa wachana na yeye. Imeisha."

Alikuwa na haki kwa yote mawili, na la pili sikuwa tayari kulitimiza.

Kwa sababu meneja hakufukuzwa. Alipewa onyo, na amri moja iliyoandikwa na mama wa Nairobi, ambayo mimi nilimsaidia kuipanga maneno: hakuna msimbo utakaochapishwa wala kubandikwa katika ofisi hii, na kila ujumbe wenye msimbo anaopata meneja, wa barua pepe au wa simu, auonyeshe kwangu kabla hajaufungua. Ubao ulitolewa. Muhuri uko kwenye droo yangu.

Hajawahi kumwomba mwenzangu msamaha. Nasema hili kwa ajili ya wale wanaoniambia nisamehe. Akikutana naye kwenye uwanja wa ofisi, humuuliza habari ya nyasi na kupita.

Basi huja mlangoni kwangu. Jana alikuja baada ya chai, wenzetu wakiwa bado wamesimama nje na vikombe vyao, na mwenzangu akiwa miongoni mwao, amefika asubuhi na pickup ya Merti. Meneja alikuwa na msimbo wa kujiandikisha kwa semina.

"Kuja uangalie hii," alisema.

"Ielekezee kamera. Usibonyeze. Soma anwani kwa sauti."

Alisoma. Anajua sasa kwamba nataka herufi moja moja, na nataka kistari, na nataka arudi nyuma aseme mwenye nyumba ni nani. Sauti yake ilifika hadi nje, vikombe vikatulia. Alimaliza akaniambia ni ya makao makuu, kwa sauti ya mtu anayeomba. Ilikuwa kweli ya makao makuu. Mimi ndiye niliyewatengenezea msimbo huo juzi, na niliijua anwani hiyo kabla hajafungua mdomo.

Kupitia dirishani mwenzangu alinitazama, akatikisa kichwa polepole kunikataza.

"Soma tena," nikamwambia meneja.